Barua ya Kazi Imegoma Kuingia Ukurasa Mmoja? Tuliikata Hivi

Wadau, kuna mdada wa mtaani kwetu anaomba kazi ya mapokezi hotelini. Tangazo limesema barua isizidi ukurasa mmoja, mwisho Ijumaa. Yake ilikuwa ukurasa mmoja na nusu. Akataka kushusha herufi kutoka 12 hadi 9. Nikamwambia dada, hapo bosi ataona sisimizi tu. Tukate maneno.

Kwanza tukatoa aya ya shule, aliyoanzia darasa la kwanza. Yote hayo yapo kwenye wasifu, na wasifu unaambatanishwa.

Pili, "Husika na kichwa cha habari hapo juu." Si kipo hapo juu, anakiona? Nje.

Tatu, ile "mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayejituma." Kila mtu anaandika hivyo. Tukaweka: "Kwa miaka miwili nimepokea wageni na kufunga hesabu za kila siku katika nyumba ya wageni yenye vyumba 14." Sentensi moja, na ni yake peke yake.

Bado saini na jina vikabaki ukurasa wa pili. Akataka kufuta anwani ya mwajiri. Weee! Anwani, tarehe, YAH na saini haviguswi. Tukakata shukrani ndefu za mwisho, ikabaki: "Nipo tayari kwa usaili muda wowote." Ikaingia, herufi bado 12.

Kaituma Alhamisi, majibu bado. Ila kipimo ni hiki: ukifuta mstari na mwajiri hajapungukiwa kitu, usiurudishe.