Mtoto Asiyekunywa Maji Safarini

Ninafundisha hapa Eldoret, na ziara ya Mombasa ikipangwa shuleni ni mimi ninayeisimamia. Mjini kwetu stesheni ipo na reli ya zamani ya kwenda Malaba inapita, ila siku hizi ni ya mizigo. Treni ya abiria tunaipandia Syokimau, zaidi ya kilomita 300 kutoka nyumbani, kwa hiyo habari ya choo na maji huanzia kwenye basi.

Mtoto ninayemchunga kuliko wote ni yule anayekataa maji. Akiogopa choo cha njiani, au akiona haya kuomba basi lisimame, anaacha kunywa. Baridi ya Eldoret, mji ulio mita 2,000 na zaidi juu ya bahari, haimpi kiu, na joto la Miritini linamkuta mwili umeshakauka. Hapo kichwa humuuma na mkojo huwa na rangi ya chai ya rangi. Rangi hiyo ninawauliza waziwazi, wavulana kwa wasichana.

Tukiwa na treni ya saa 9 alasiri, tunaondoka saa 10 alfajiri. Nakuru wote wanashuka, hata anayesema hana haja. Kila mtoto ana chupa ya nusu lita yenye jina lake, nami hubeba madumu ya kuwajazia. Hunywa kidogo kidogo. Anayeigugumia chupa nzima kwa mkupuo ndiye atakayelisimamisha basi Gilgil.

Syokimau tunafika mapema, kwa sababu kabla ya kuingia kuna ukaguzi: mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hupita kwenye mashine. Kundi kubwa huchelewa hapo, na foleni hairuhusu mtoto kutoka na kurudi. Choo tunakwenda tukishavuka ukaguzi, kabla ya kutafuta viti vya kungojea. Tiketi huzichapisha papo hapo kituoni, maana simu iliyozimika haiwezi kuonyesha ujumbe wa malipo. Soketi za ukutani sizitegemei. Pawabenki ya mAh 20,000 huijaza simu yenye betri ya mAh 5,000 karibu mara tatu, si nne, kwa kuwa umeme mwingine hupotea njiani. Inatosha simu za walimu.

Ndani ya treni vyoo viko mwishoni mwa behewa. Ninawapeleka wawili wawili katika saa ya kwanza, vikiwa bado safi, kwa sababu tukikaribia Mombasa foleni huziba ujia. Karatasi na sabuni ninabeba mwenyewe, na pedi ziko kwa mwalimu wa kike, kwenye mfuko ambao kila msichana ameonyeshwa tangu nyumbani.

Tunashuka Miritini kwenye saa 2 usiku. Hakuna anayepanda basi kabla ya kupitia choo cha kituo na kujaza chupa, kwani msongamano wa Changamwe unaweza kutuweka barabarani kwa muda mrefu.