Kiazi Kimoja Kilichosalia



Mwezi wa Agosti, mwaka juzi, tulirejea nyumbani kwetu Gilgil kutoka Msambweni tukiwa na viazi vitamu vinne ndani ya kikapu. Havikuwa vya kula. Mama alikuwa ameugua mwaka mzima, shamba lake dogo likakosa mkono wa kulitazama, na kiangazi kikayakausha marando yote. Alipopata nafuu alifukua tuta la mwisho akapata vinne tu vya ile mbegu aliyoirithi kwa mamake: ngozi nyekundu, nyama nyeupe na kavu, ile ambayo ikipikwa kwa tui haivurugiki. Akatukabidhi akisema, “Wanangu, huku kwangu jua limenishinda. Nishikieni mbegu hii mpaka nipate nguvu.”

Tulipokea amana hiyo bila kujua uzito wake. Gilgil ipo kwenye Bonde la Ufa, kati ya Naivasha na Nakuru, yapata mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Majirani zetu hulima mbatata, ambayo wao huiita waru, na tulikuwa tumewaona wakiifukia ardhini nzima nzima nayo ikaota. Nasi tukafanya vivyo hivyo. Tulifukia viazi vitatu katika kipande chetu cha nyuma ya nyumba, tukamwagilia maji, tukangoja. Baada ya wiki tano hapakuwa na jani. Tulipofukua tulikuta vitu laini vyenye harufu ya uchachu, vikipondeka mkononi.

Makosa yetu yalikuwa mawili. Kwanza, mbatata ni shina lililonenepa, nalo lina macho ambayo kila moja ni chipukizi linalosubiri. Kiazi kitamu ni mzizi. Hakina macho, machipukizi yake hujiunda chini ya ngozi, hasa upande wa kikonyo kilikoshikana na mmea, na ili yajiunde yanahitaji joto la siku nyingi mfululizo. Pili, Agosti ya Gilgil si Agosti ya Msambweni. Usiku ni baridi, udongo umelowa, na mzizi wa nchi ya joto ukilazwa humo huoza kabla haujaamka. Kiazi kitamu hudhurika hata kabatini hali ya hewa inaposhuka chini ya nyuzi 12 au 13 kwa siku nyingi.

Miezi ikapita. Kila Mama alipopiga simu aliuliza, “Mbegu yangu yashika?” Nasi tulijibu kwa maneno ya mzunguko, maana hatukuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba vitatu vimeoza na cha nne hatujui tulikiweka wapi.

Mwishoni mwa Januari, tukisafisha rafu iliyo karibu na jiko, tulikiona nyuma ya mfuko wa unga. Kilikuwa kimesinyaa kama uso wa mzee, lakini upande mmoja kilikuwa kimetoa vijipembe vitano vya zambarau, kila kimoja kirefu kama ukucha. Joto la jiko lilikuwa limefanya kazi ambayo udongo wa Agosti haukuweza. Tulikibonyeza kwa kidole: kilikuwa kigumu. Hiyo ndiyo alama. Kusinyaa si kufa, bali ulaini na harufu ya uchachu ndiyo mauti yake.

Safari hii tuliuliza kwanza. Jirani yetu, mama mmoja aliyezaliwa papa hapa, hulima ngwaci, kama wanavyokiita viazi vitamu kwa Kikuyu, lakini yeye hupanda marando tu. Alituambia, “Kiazi hakipandwi shambani. Kiazi ni mama. Mlaze kitandani azae, kisha mpande watoto.” Baadaye tulipata kujua kwamba wataalamu wa Kituo cha Kimataifa cha Viazi, chenye makao makuu Lima, Peru, wamefanya kazi hiyohiyo pamoja na wakulima wa Uganda, katika sehemu ambazo kiangazi kirefu huua marando. Huko huchagua viazi visivyo na majeraha wala wadudu, huvihifadhi katika mchanga mkavu mpaka wiki sita hadi nane kabla ya mvua, kisha huvilaza kwenye kitalu na kuvimwagilia.

Tulihesabu kurudi nyuma. Kwetu mvua za masika huanza kati ya mwisho wa Machi na Aprili, kwa hiyo siku ya kwanza ya Februari ilikuwa wakati wake hasa. Tulichukua beseni kuukuu, tukalitoboa chini, tukatia udongo mwepesi uliochanganywa na mchanga nusu kwa nusu. Tulikilaza kiazi kwa ubavu, hatukukisimamisha, tukakifunika kwa udongo wa unene wa vidole viwili. Mchana beseni lilikaa juani kando ya ukuta wa jikoni, likiwa limefunikwa kwa kioo cha dirisha kilichokatika pembe. Jioni tuliliingiza ndani. Maji tulitia kidogo, mara moja kila siku mbili, mpaka majani yalipotokea, kwa sababu kiazi kisicho na majani hakinywi, na maji ya ziada humwozesha mama kabla ya kuzaa.

Siku ya kumi na tisa jani la kwanza lilitokeza. Hapo tulianza kuwa na pupa, na watoto wetu walitaka kung’oa. Kung’oa ni kosa. Chipukizi linalong’olewa hutoka na udongo pamoja na kipande cha ngozi ya mama, na kama mama ana ukungu au yai la fukusi, mtoto huchukua urithi huo. Tulingoja kila chipukizi lifike urefu wa shibiri moja na zaidi, kisha tukalikata kwa kisu kikali, vidole viwili juu ya udongo. Kisiki kilichobaki huchipua tena.

Kabla ya kukata tuliyatazama majani kwa makini, maana kiazi hurithisha pia virusi ambavyo huenezwa na vidukari na nzi weupe. Mche wenye virusi hujulikana: majani yake ni membamba, yamejikunja, yana madoadoa ya manjano, nao umedumaa wakati wenzake wanarefuka. Hauna dawa. Mmoja wetu ulikuwa hivyo, tukaung’oa na kuutupa mbali, ingawa ulituuma, kwa kuwa tulikuwa tukihesabu kila mche.

Mkato wa kwanza, tarehe 24 Machi, ulitupa miche sita. Wa pili, tarehe 12 Aprili, ulitupa tisa. Wa tatu, mwisho wa mwezi huo, saba. Jumla ishirini na miwili kutoka kwa kiazi kimoja kilichosahauliwa nyuma ya unga. Kila mkato tuliuacha kivulini siku moja, utomvu ukakauka na vijizizi vikaanza kuvimba kwenye vifundo, ndipo tukapanda.

Kipande chetu ni kidogo: mita tatu kwa mbili. Tuliinua matuta mawili yenye kimo cha goti la mtoto, tukayaacha mbali kwa hatua moja. Udongo wa Gilgil ni mwepesi, wenye majivu ya volkano, na hilo humfaa mzizi unaotaka kunenepa. Lakini hukauka upesi, kwa hiyo tulitandaza nyasi kavu juu. Mbolea ya ng’ombe tulitia kiasi cha ndoo moja tu, iliyooza vizuri. Rutuba ikizidi, mmea hujivika majani na kusahau mizizi. Miche ishirini ilikwenda matutani, kumi kila tuta, kwa nafasi ya futi moja, imelazwa kwa mshazari na thuluthi mbili za vifundo vyake zikiwa chini ya udongo, kwani viazi huanzia kwenye vifundo vilivyozikwa. Miwili iliyobaki tuliipanda katika mkebe dirishani. Tulikwisha kujifunza kutoweka amana yote mahali pamoja.

Pwani Mama huchimba mwezi wa nne. Sisi tulichungulia mwezi wa nne tukakuta mizizi kama vidole. Baridi ya Juni na Julai iliufanya mmea usimame. Haukufa, lakini haukusonga. Fuko naye alichimba njia yake akatuangushia mimea mitatu. Mwezi wa tano tuta lilianza kupasuka juu, dalili kwamba viazi vinanenepa, nasi tukaipalilia mipasuko kwa udongo, maana fukusi hupitia humo kwenda kutaga. Kiazi alichokiingia huwa kichungu, na hata kukichemsha hakukiponyi.

Katikati ya Oktoba, miezi sita baada ya mkato wa pili, tulifukua. Mimea kumi na saba ilitupa kilo tisa. Tunasema hivyo waziwazi ili asiyejua asitarajie magunia; kwa kimo hiki na kwa mbegu iliyozoea joto, nusu kilo kwa shina ni haki yake. Tulivikausha majeraha siku sita jikoni, vimefunikwa kwa gunia, kisha tukachagua vinane vya kati, visivyo na mkwaruzo, tukavizika katika ndoo ya mchanga mkavu karibu na jiko. Hivyo ni vya Februari.

Usiku huo tulimpigia Mama na kumweleza yote, pamoja na vile vitatu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, “Na marando mumeyatupa?” Hatukuwa tumeyatupa. Mvua za vuli zilikuwa zinakaribia kwake. Tulikata vipande arubaini vya ncha, tukaviangalia kimoja kimoja kwa fukusi na kwa virusi, tukaviviringa ndani ya gunia lenye unyevu, na ndugu yetu akasafiri navyo usiku kwa basi. Vilifika vimelegea lakini hai.

Sasa Mama haulizi tena kama mbegu imeshika. Huuliza tumechelewa nini kupalilia, na kama ndoo ya mchanga ipo mbali na panya. Tumeiwekea kifuniko.