Kamba ya La iliyojiita Mi

Leo nawaletea aibu yangu mwenyewe. Mjomba wangu hapa Jomvu Kuu anapiga udi, na masikio yake siku hizi yamechoka. Aliniomba nimtengenezee programu ya kulinganishia kamba, iandike jina la noti kwa herufi kubwa aione bila miwani. Kulikuwa na arusi Jumamosi na yeye ndiye mpigaji. Nikaona kazi ya jioni moja: maikrofoni ya laptopu isikie, hesabu ya Furie itenganishe sauti, nichukue ile yenye nguvu kuliko zote.

Tukaanza na kamba ya La, ambayo inapaswa kutikisika mara 110 kwa sekunde, yaani hezi 110. Kamba nyingi za udi huwa mbili mbili, kwa hivyo mwenzake nikamzuia kwa kitambaa. Nikapiga mwenyewe. Kioo kikasema Mi. Nikalegeza kigingi taratibu mpaka ikatoka La, nikampa udi kwa furaha. Akaibonyeza kwa kidole tu, akanitazama.

"Mwanangu, hii kamba imelala."

Na kweli ililala. Ilikuwa kwenye hezi 73 hivi, inagongagonga shingo. Akaikaza tena kwa kuigusa, akaipiga karibu na kidaraja kama kawaida yake. Programu ikaandika La, ila hezi 220. Nikapiga mimi: 330, Mi. Kamba ile ile, dakika ile ile!

Usiku nikachukua futi. Kutoka mwanzo wa shingo mpaka kidaraja ni sentimita 61, na ncha zote mbili zimefungwa, haziwezi kucheza. Ukiipiga, wimbi hukimbia mpaka kwenye ncha, hugeuka juu chini, hurudi, na kukutana na jingine linalokwenda. Mengi huuana. Hubaki yale tu ambayo nusu zake zinaenea kamili kati ya ncha: nusu moja, mbili, tatu, kamwe si moja na robo. Yanaonekana kama yamesimama, kamba inapanda na kushuka palepale. La kwanza lina urefu wa sentimita 122, la pili 61, la tatu kama 40.7. Kasi ya wimbi kwenye kamba ni moja, kwa hivyo ukigawa urefu kwa mbili, hezi huongezeka mara mbili: 110, 220, 330, 440. Hizo ndizo hamoni, na kwa kawaida kadhaa hulia pamoja unapopiga.

Basi siri ilikuwa mkono wangu. Mimi si mpigaji, napiga katikati ya kamba. Hamoni ya pili katikati haitikisiki kabisa, pana nodi hapo, na ukivuta kamba kwenye nodi yake hutaiamsha. Ya nne vilevile. Maikrofoni ya laptopu nayo ni dhaifu kwa sauti nzito, ile 110 haikuipata vizuri. Iliyobaki na nguvu ni 330, nayo ni Mi. Mjomba akipiga karibu na kidaraja, ya pili inaamka, programu inaona 220.

Sikio la mtu halidanganyiki hivyo. Likisikia 220, 330 na 440 kwa pamoja, linajua mama yao ni 110 hata kama mwenyewe hasikiki, kwa sababu mchanganyiko wote unajirudia mara 110 kwa sekunde. Nikaiacha sauti yenye nguvu, nikatafuta marudio hayo: isogeze sauti juu ya nakala yake mpaka zilingane.

```python
import numpy as np

def hezi(x, kasi=44100):
    r = np.correlate(x, x, 'full')[len(x)-1:]
    k = 200 + r[200:700].argmax()
    return kasi / k
```

Kwa sampuli 44100 kwa sekunde, zinalingana kwenye 401, yaani hezi 109.98. Mipaka ya 200 na 700 ni ya kamba hii tu. Ukiacha juu wazi, inaweza kukubali pia 802 na kukwambia 55. Na ukigusa kamba katikati kwa kidole chepesi huku unapiga, hamoni za 1 na 3 hufa, hubaki 220 na 440, na programu haina njia ya kujua. Wala sikio pia.

Ijumaa ikawasomea kamba zote nzito isipokuwa moja, iliyoruka 98, 99, 97 bila kutulia. Nikarudi kwenye kodi saa nzima. Mjomba akaichomoa, akanionyesha kwa kucha: waya wa nje umechakaa upande mmoja. Kamba isiyo na uzito sawa kote hamoni zake haziangukii kwenye mara 2 na mara 3 kamili, hivyo hazina marudio ya kukubaliana. Akafunga mpya, ikasoma 98 ikatulia, akaniambia nizime mashine nimshikie kitambaa.