Kubisha Hodi kwa Mkono

Barua-pepe haifiki kwa mruko mmoja. Kabla haijapokelewa, mashine inayopeleka na mashine inayopokea huamkiana, huulizana na kujibizana mstari kwa mstari, kwa desturi ya SMTP ambayo Jon Postel aliiandika katika waraka wa RFC 821 mwaka 1982. Kila jibu la seva huanza kwa tarakimu tatu. Ya kwanza ikiwa 2, neno limekubaliwa. Ikiwa 3, endelea. Ikiwa 4, rudi baadaye. Ikiwa 5, umekataliwa. Programu za ofisini huyasikia majibu hayo yote, lakini aghalabu humwambia mwenyewe jambo moja tu, kwamba barua haikwenda. Mfano wake ni mjumbe arudiye na bahasha mkononi, asiseme alifukuzwa mlango gani wala kwa sababu gani.

Karani wa kamati moja ya kugawa fedha za masomo alipata kuniomba msaada. Barua za kuwaita vijana kwenye usaili hazikutoka, na siku zilizobaki zilikuwa nne. Huyu alilaumu mtandao, yule alilaumu neno la siri. Palipo na lawama nyingi, ushahidi huwa haba. Tuliona heri tubishe hodi wenyewe:

```
openssl s_client -starttls smtp -crlf -quiet -connect mail.example.org:587
```

Amri hii hubisha katika mlango wa 587, ambao ndio wa kukabidhi barua, huomba mazungumzo yafungwe kwa usiri, kisha humwachia mtu nafasi ya kusema. Neno `-crlf` huhakikisha kwamba kila mstari unaishia kwa alama mbili ambazo desturi inazidai. Neno `-quiet` lina faida iliyojificha. Pasipo hilo, herufi kubwa R ikianza mstari, `openssl` huweza kuitwaa kuwa amri yake yenyewe ya kufanya upya mapatano ya usiri, na neno `RCPT` lisifike kwa seva kamwe. Mpimaji hudhani amekataliwa, kumbe chombo cha kupimia ndicho kilichomkatiza.

Mlango ulifunguka, mtandao ukaondolewa hatiani. Tuliamkia kwa `EHLO`, tukajibiwa 250. Salamu hii huwa ni ya pili, kwa kuwa ya kwanza `openssl` huipeleka yenyewe, na usiri ukisha kufungwa seva hutakiwa kuyasahau yaliyotangulia. Tukafuatisha `AUTH PLAIN` pamoja na jina la karani na neno lake la siri katika maandishi ya `base64`. Maandishi hayo si fumbo. Kila ayaonaye aweza kuyafumbua, basi hayafai kunakiliwa na kupelekewa mtu. Jibu lilikuwa 235, na neno la siri nalo likaachiliwa. Ndipo tulipoandika hivi:

```
mail from:<ofisi@example.org>
250 2.1.0 Ok
rcpt to:<kijana@example.net>
553 5.7.1 <ofisi@example.org>: Sender address rejected: not owned by user karani@example.org
```

Msomaji aangalie vema. Mpelekaji alipotajwa, seva ilisema ndiyo; mpokeaji alipotajwa, ikasema la. Mwenye haraka angeshuku anwani ya kijana. Lakini maneno yanayofuata tarakimu yanamtaja mpelekaji. Seva ile ilitumia Postfix, na Postfix isipoagizwa vingine huahirisha hukumu mpaka mpokeaji atajwe, hata kama kosa lilionekana mapema. Kwa hiyo mahali pa kukataliwa si lazima pawe mahali pa kosa. Karani aliingia kwa jina lake, akataka kupeleka kwa jina la ofisi, naye hakuwa ameandikwa kuwa na haki hiyo.

Dhana haina budi kujaribiwa. Tuliandika `rset` ili kuyafuta yaliyosemwa, tukarudia mistari miwili ile ile, tukibadili anwani ya mpelekaji peke yake na kuweka ya karani. Mpokeaji yule yule akakubaliwa kwa 250. Tukaaga kwa `quit` kabla ya kufika `DATA`, kijana asije akapata barua tupu. Msimamizi wa seva alipomwandika karani katika orodha ya wenye ruhusa, barua zilitoka siku ile ile.

Hata hivyo kipimo hiki kina mpaka wake. Baada ya `DATA`, seva hujibu 354. Barua huandikwa, ikamalizwa kwa nukta iliyo peke yake katika mstari, na 250 ya mwisho hutolewa. Jibu hilo maana yake ni kwamba seva imeipokea dhamana ya barua. Halisemi kwamba barua imefika mkononi mwa msomaji. Safari iliyobaki hutafutwa katika kumbukumbu za seva yenyewe, kwa namba ya foleni ambayo kwa kawaida huandikwa kando ya 250 hiyo, nayo yafaa kunakiliwa kabla ya kuaga.