Kreatini inachoma kalori ukiwa umelala?

Baridi ya Lushoto wiki hii imekuwa kali, mtu anaoga huku anasali. Ila leo sina habari ya baridi. Leo nataka kumaliza ubishi ulioanzia bwenini tangu bumu litoke.

Mshikaji wangu mmoja, mwembamba tu kama mimi, amenunua kopo la kreatini. Muuzaji kamwambia dawa hiyo inaufanya mwili uchome kalori hata ukiwa umelala. Siku ya saba jamaa kapanda mizani ya umeme jimu, ile unayokanyaga peku, na kweli namba ya BMR imepanda. Sasa anajiuliza aongeze sahani ya ugali kila siku ili asikonde. Kwa bumu la kwetu, sahani ya ziada kila siku siyo mchezo, kwa hiyo nikakaa nayo chini.

Kwanza tuone kreatini inafanya nini. Msuli unaponyanyua chuma hutumia nishati yake ya papo kwa papo (ATP) ndani ya sekunde chache. Kreatini iliyobeba fosfeti huirudisha haraka, ndiyo maana unaweza kusukuma mara moja au mbili zaidi. Ni kama betri ya akiba. Ukiwa umelala betri hiyo imejaa na imetulia, na betri kubwa zaidi haifanyi taa iwake zaidi.

Sasa namba ilipandaje? Jamaa alianza na gramu 20 kwa siku kwa siku tano, halafu akashuka hadi 5. Kreatini ikiingia kwenye msuli huvuta maji, na uzito wake ukaongezeka kilo moja na nusu. Mizani ya namna ile haipimi kalori. Inapitisha umeme kidogo mwilini, inakisia mafuta ni kiasi gani, halafu kinachobaki inakiingiza kwenye kanuni. Kanuni moja maarufu ni hii:

```
BMR = 370 + 21.6 × kilo zisizo mafuta
```

Tuseme jamaa ana kilo 65, na 56 kati ya hizo siyo mafuta. Kanuni inatoa kama 1,580. Ongeza kilo moja na nusu ya maji, zinakuwa 57.5, nayo inatoa 1,612. Kalori 32 zimezaliwa hapo, lakini ni za kwenye karatasi. Maji hayachomi kitu. Kanuni imeyahesabu kama nyama.

Haya, tuseme baada ya miezi ya mazoezi apate kilo moja ya msuli wa kweli. Kilo ya msuli uliotulia inachoma kama kalori 13 kwa siku, ambayo haifiki hata kijiko kimoja cha sukari kwenye chai. Wachomaji wakubwa ukiwa umelala ni ubongo, ini, moyo na figo, na hao kreatini haiwakuzi.

Kupima kweli kunataka ulale asubuhi hujala, upumue ndani ya kifuniko, wapime oksijeni unayotumia. Kila lita ni kama kalori 5. Hata hapo mtu yuleyule hutofautiana kwa asilimia kadhaa kati ya siku na siku, yaani kalori 50 au zaidi, kwa hiyo 13 zinamezwa humo. Na kwa vipimo vya aina hiyo, kreatini peke yake haijaonyesha ongezeko la kutegemewa.

Kukisia na kupima ni vitu viwili, na Tanzania tuna mfano wake. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, watu wanaotembea mwendo mrefu kila siku. Ungedhani wanachoma kuliko watu wa maofisini Marekani na Ulaya. Walipopimwa kwa maji maalumu yanayofuatiliwa kwenye mkojo, na ukubwa wa mwili ukazingatiwa, matumizi ya siku nzima yalikuwa karibu sawa.

Kwa hiyo jamaa yangu: usiongeze sahani kwa kuogopa kreatini. Ukitaka msuli ukue, hapo kula ni lazima, lakini sababu yake ni mazoezi na ujenzi wenyewe. Na wewe uliyelinunua ili kitambi kiyeyuke usingizini, mizani itapanda wiki ya kwanza, na hayo ni maji, siyo mafuta wala msuli. Angalia kama unanyanyua zaidi ya mwezi uliopita. Hilo ndilo kopo linaloweza kukusaidia.

Kutetemeka kweli kweli kwa baridi ya alfajiri hapa kunachoma kuliko kopo lote, na ni bure. Nawakilisha!