Nilikuwa Nakatisha Ruti

Nimeendesha daladala Dar es Salaam miaka mingi, na mingi kati ya hiyo nilikuwa nakatisha ruti. Nayasema haya bila kujitetea, maana huenda wewe unayesoma uko kwenye usukani nilipokuwa mimi.

Gari letu lilikuwa na leseni ya Kariakoo kwenda Tandika. Jioni nilipakia Kariakoo, tukifika Veta konda anapiga kelele: "Mwisho wa gari!" Abiria wanashuka, mimi nageuza kuuwahi umati mwingine. Wakati huo, mwaka 2023 kabla ya Desemba, nauli ya ruti isiyozidi kilomita 10 ilikuwa shilingi 500, nayo LATRA waliipanga mpaka mwisho wa ruti. Niliyemshusha Veta alitoa 500 nyingine kufika Tandika. Mwanafunzi wa 200 alilipa 400, kama alipata gari la kumchukua, maana yaliyopita pale yalikuwa yamejaa tangu Kariakoo. Niliwaona kwenye kioo wamesimama na mabegi yao, wala moyo haukunisuta. Nilichokijua ni hesabu ya tajiri tu: 80,000 kila siku, mafuta juu yangu.

Siku moja tulikamatwa tukigeuza. Leseni ni ya mmiliki, si ya dereva, kwa hiyo faini ilimwangukia mzee wangu. Nilijua kazi imekwisha. Alilipa, kisha akanikalisha na kunionyesha ile leseni: namba ya gari, jina lake, ruti inapoanzia na inapoishia.

"Mwanangu, hapa tumekubali kufika Tandika. Kwa nini unaishia Veta?"

Nikamwambia ukweli. Foleni ya jioni inakula tripu. Nikifika mwisho kila mara, 80,000 haitimii. Alinyamaza kidogo, akasema tangu kesho nilete 65,000. Nilistahili kufukuzwa, naye akanipunguzia mzigo. Mpaka leo namwombea.

Haikuwa rahisi. Wenzangu waligeuza mbele yangu wakaniacha kwenye foleni, konda akanung'unika, na kila tukikaribia Veta mguu wangu ulitafuta breki. Siku hesabu ilipopungua nilimwambia mzee usiku uleule. Taratibu nikagundua kwamba stendi ya Tandika, ambayo jioni nilikuwa siifikii, ilikuwa na abiria wa kurudi mjini: walinzi wa zamu ya usiku. Nao walikuwa wakiningoja bure miaka yote hiyo.

Desemba 2023 nauli ile ilipanda kuwa 600. Ya mwanafunzi ikabaki 200. Ndugu abiria, ukishushwa kabla ya kituo kilichoandikwa kwenye gari, dai nauli yako, andika namba ya gari, uwaarifu LATRA. Na wewe dereva mwenzangu, nakusihi: kaa na tajiri wako mzungumze hesabu kabla hujamshusha mtoto wa watu njiani.