Unga wa Majani Juu ya Kitovu Kibichi

Katika vijiji vya Tanga ninakofanya kazi ya ukunga, mama aliyejifungua hatoki nje mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Akiwa mtoto wa kiume kuna hofu nyingine juu ya hiyo: kikidondokea sehemu zake za siri, inasemekana hatazaa. Kwa hiyo kila mtu nyumbani anataka kitovu kikauke upesi, na bibi mwenye dawa yake anaheshimiwa. Sijawahi kukutana na bibi aliyempaka mjukuu wake dawa kwa nia mbaya. Ninachopambana nacho ni ule unga.

Nimeuona ukitengenezwa. Majani yanachumwa, yanaanikwa siku kadhaa kwenye mkeka uani, mahali mbuzi na kuku wanapopita na upepo unapopeperusha vumbi. Yakikauka yanatwangwa kwenye kinu cha kila siku, yanachekechwa, na unga unafungwa kwenye kitambaa au kutiwa kwenye kopo. Siku ya kuutumia unakorogwa kwa mafuta ya nazi, au bibi anaulainisha kwa mate, kisha unapakwa kuzunguka shina la kitovu. Wengine huongeza majivu ya kifuu.

Kijidudu cha pepopunda kinakaa udongoni na kwenye kinyesi cha wanyama. Hali ikiwa mbaya kwake hujifunga ndani ya ganda gumu, na humo hukaa miaka kikisubiri. Jua la uani halikiui. Hata kuyachemsha majani hakutoshi, maana ganda hilo linastahimili maji yanayotokota. Ndiyo sababu vifaa vyetu vya kuzalishia tunavitia kwenye mtambo wa mvuke wenye shinikizo, nyuzi joto 121. Mama anaponiambia dawa yake ni safi kwa sababu ni majani matupu, au kwa sababu imechemshwa, namwelewa, lakini usafi huo haumfikii mdudu huyu.

Jambo la pili ni kwamba mdudu huyu hapendi hewa. Kitovu kikishakatwa ni nyama iliyokufa, haipati damu tena, na kikiachwa wazi hewa inakikausha. Ukikipaka rojo la unga na mafuta, juu panafanyika gamba na chini panabaki pabichi pasipo hewa. Ni kama kufukia mbegu kwenye shamba lililonyeshewa. Ile dawa ya kukausha ndiyo inayozuia kukauka, na hapohapo imeleta mbegu yenyewe.

Niliwahi kumpokea mtoto wa namna hii. Alizaliwa salama, kitovu kikakatwa kwa wembe mpya, akalia, akanyonya vizuri. Siku ya tatu nyumbani akapakwa unga wa majani uliokorogwa kwa mafuta ya nazi. Siku ya sita akaanza kuliachia titi. Mama alidhani ana gesi. Siku ya saba kinywa kilikuwa hakifunguki, na kila mlango ulipogongwa mwili wote ulikakamaa, mgongo ukapinda kwa nyuma, ngumi zikakaza. Nyumbani walisema ni degedege na wakamtafuta mganga kwanza. Alipoletwa kwetu, kadi ya kliniki ya mama ilionyesha sindano moja tu ya pepopunda.

Nililowesha pamba kwa maji safi na kulitoa gamba taratibu. Chini yake palikuwa na unyevu na harufu nzito, ingawa usaha haukuwa mwingi. Napenda watu walijue hili, kwa sababu wengi hukiangalia kitovu, wasipoona usaha wakatulia. Pepopunda haihitaji kidonda kibaya. Kijidudu hubaki palepale kitovuni, na sumu yake ndiyo inayosafiri kwa njia ya mishipa ya fahamu hadi kwenye uti wa mgongo, ikaondoa breki za misuli. Alama ya kuishika ni moja: mtoto aliyenyonya na kulia vizuri siku mbili za kwanza, kisha kati ya siku ya tatu na ya ishirini na nane akashindwa kunyonya na kukakamaa anapoguswa, au akisikia kelele au kumulikwa. Na akili yake inakuwapo muda wote. Maumivu yote anayasikia.

Tulimchoma dawa ya kutuliza misuli tukampeleka hospitali kwa gari la wagonjwa, amefunikwa asipate mwanga mkali. Huko hupewa dawa ya kuizima sumu, antibayotiki, na maziwa ya mama kwa mpira wa puani, ndani ya chumba tulivu, kwa majuma. Lakini dawa hiyo inazima sumu iliyo bado njiani tu. Iliyokwisha kushika mishipa ya fahamu haing'oki; inabidi kumshikilia mtoto hai mpaka mwili wenyewe upone. Wengi hawafiki. Huyu hakufika.

Bibi mmoja aliwahi kuniuliza swali ambalo kila mhudumu lazima awe na jibu lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mimi nimezaa wanane, wote nimewapaka. Wako wapi waliokufa?"

Nilimjibu kwamba si kila kopo la unga lina mdudu, na kwamba mama aliyechanjwa humpa mtoto kinga kupitia kondo la nyuma. Mimba ya kwanza inahitaji sindano mbili zilizopishana angalau wiki 4, ya pili ichomwe si chini ya wiki 2 kabla ya kujifungua. Zikifika tano kwa ratiba, kinga inatosha miaka yote ya uzazi. Kwa ajili ya chanjo hiyo na uzazi safi, Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeitokomeza pepopunda ya watoto wachanga kama tatizo la afya ya jamii. Kijidudu chenyewe hakijaondoka udongoni, wala hakitaondoka. Mtoto wa mama asiyechanjwa hana ngao yoyote.

Na hata aliyechanjwa, sindano hiyo haizuii vijidudu vingine. Mshipa wa kitovu hubaki njia wazi siku kadhaa baada ya kukatwa, na unaelekea ini. Ukiona wekundu umetoka kwenye shina na kutambaa kwenye ngozi ya tumbo, au usaha, au mtoto anachemka, au amepoa kuliko kawaida, au anapumua mbiombio, usisubiri kesho. Huenda maambukizi yameanza kuingia kwenye damu, na anahitaji sindano za antibayotiki.

Kitovu kinachotunzwa kikavu hudondoka chenyewe, mara nyingi ndani ya siku 5 hadi 15. Kikipata choo kioshwe kwa maji safi na sabuni, kikaushwe kwa kitambaa safi, kiachwe. Jeli ya klorheksidini inafaa pale jamii inapozoea kupaka vitu vyenye madhara, na iwe imetolewa na kituo. Isidhaniwe kuwa dawa ya macho, maana imewahi kuwaumiza watoto macho.

Kwa ile hofu ya mtoto wa kiume sibishani na bibi. Namwonyesha kukunja nepi chini ya kitovu, kisha shati jepesi juu yake lililofungwa chini, ili kikidondoka kikamatwe na shati. Bibi akiliona hilo kwa macho yake, mara nyingi anaweka kopo chini mwenyewe.